Kama unajua saa ya tiketi kufunguliwa, mbona unangoja CPU ipande?

Kuna ugonjwa fulani kwa wasee wa kutengeneza tovuti Nairobi na leo nautaja hapa hadharani. Mtu anauza tiketi za shoo. Poster ziko kila mahali, imeandikwa kwa herufi kubwa: tiketi zinafunguliwa Ijumaa saa sita mchana. Watu elfu kadhaa wameweka alamu kwenye simu. Wote tunajua saa sita itafika lini. Mashine peke yake ndiyo haijaambiwa. Basi saa sita ikigonga, tovuti inakaa ikizunguka tu, na wewe uko kwa ofisi unarifresh kama uliyepoteza kitu. Halafu jioni mwenye shoo anaandika ujumbe wa pole: "hatukutarajia idadi kubwa kama hii". Hukutarajia vipi na ni wewe uliyetangaza?

Ukiwauliza, jibu ni moja: "Lakini tulikuwa tumewasha seva za kujiongeza zenyewe." Sawa, nawaamini. Shida ni kwamba walichagua njia moja kati ya tatu, ile ambayo Amazon inakupendekezea, wakaiachia kila kitu. Mimi naona ile njia ya tatu, ya ratiba, ambayo watu wanaiona ya kizamani, ndiyo ingewaokoa. Wacha nieleze kwa hesabu, usinikubali tu kwa sababu naongea kwa sauti.

Tuchukue tovuti ya mfano. Siku ya kawaida ina seva 4. Kila seva ikifanya kazi mpaka mwisho wa nguvu zake inaweza kuhudumia maombi 100 kwa sekunde. Siku ya kawaida yanakuja maombi 200, kwa hivyo kila moja inabeba 50 na CPU yake iko asilimia 50. Maisha poa. Ijumaa saa sita kamili yanakuja maombi 2,000 kwa sekunde, yote pamoja. Ukitaka kila seva ibaki kwa asilimia 50, unahitaji seva 40. Shika hizo namba mbili tu, 4 na 40, tutarudi kwazo.

Njia ya kwanza kwa skrini inaitwa `Target tracking scaling`. Mimi naiita kufuata shabaha. Unaiambia: nataka wastani wa CPU ukae asilimia 50. Basi. Alamu za kupanda na za kushuka inajitengenezea yenyewe, na hesabu ya seva ngapi inafanya yenyewe. Ni kama kumwambia makanga mkuu wa stage: foleni isizidi watu kumi, mengine jipange. Ni njia nzuri, sikatai. Kwa siku ya kawaida ambapo watu wanaongezeka pole pole asubuhi na kupungua usiku, siwezi kukushauri utumie kitu kingine.

Lakini angalia inavyofanya Ijumaa. Alamu yake ya kupanda inataka kuona CPU iko juu ya shabaha kwa dakika tatu mfululizo. Hapo nimechukulia umewasha vipimo vya kila dakika moja. Ukiacha vile vya bure vya kila dakika tano, ongeza machozi. Kwa hivyo saa sita na dakika tatu ndipo inashtuka. Inafanya hesabu: nina seva 4, CPU iko 100, nataka 50, basi nahitaji mara mbili. Inaagiza seva zifike 8.

Nane! Na sisi tunahitaji 40.

Hapa ndipo watu hawajawahi kukaa chini wakafikiria. CPU haiwezi kupita asilimia mia. Ukija na mzigo mara mbili ya uwezo wako, CPU inasoma 100. Ukija na mzigo mara kumi, CPU bado inasoma 100. Mashine haioni watu walio nje ya mlango, inaona tu kwamba ndani kumejaa. Kwa hivyo ukiweka shabaha ya 50, hata ufanye nini, kila mzunguko inaweza tu kuongeza seva mara mbili. Kutoka 4 hadi 8, 8 hadi 16, 16 hadi 32.

Na kila mzunguko una bei yake ya muda. Tuseme seva mpya inachukua dakika nne tangu iagizwe mpaka iwe tayari kubeba wateja: mashine kuwaka, programu kupakuliwa, programu kuanza, kisha kisambaza mzigo kuikubali. Zile nane zinakuwa tayari saa sita na dakika saba. Zote zinasoma 100 tena, dakika moja inapita ndiyo ionekane kwa vipimo, zinaagizwa 16. Hizo ziko tayari saa sita na dakika kumi na mbili. Bado 100, maana 16 zinabeba 1,600 na watu ni 2,000. Zinaagizwa 32. Saa sita na dakika kumi na saba ndiyo tovuti inaanza kupumua. Kufikia hapo wale mashabiki wa kweli washaenda kutukana kwa komenti.

Na hiyo ni kama bahati iko na wewe. Kuna noma nyingine inajificha hapo katikati. Kisambaza mzigo huwa kinabisha kila seva mara kwa mara kuuliza kama iko hai. Seva iliyolemewa inachelewa kujibu, na kundi lako kama limewekwa lisikilize hayo majibu, litaamua seva ni mgonjwa na kuiua, ili ilete nyingine. Yaani katikati ya vita unapiga risasi wanajeshi wako kwa sababu wamechoka. Utajuaje ndiyo ilikupata? Fungua historia ya shughuli za kundi, utaona seva zikiondolewa na sababu imeandikwa `ELB system health check failure`, dakika zile zile mauzo yalikuwa yamechachamaa. Ukiona hivyo, ujue ulikuwa unaongeza mbele na kutoa nyuma.

Sasa kuna msee atasema, mimi ni mjanja, natumia njia ya pili. `Step scaling`, ya ngazi. Hapa alamu unaitengeneza mwenyewe na unasema: ikipita hapa kidogo, ongeza chache, ikipita sana, ongeza nyingi. Kwa mfano wetu, alamu inalia CPU ikipita 60. Ikiwa kati ya 60 na 75, ongeza seva 2. Kati ya 75 na 90, ongeza 6. Ikipita 90, ongeza 16 mara moja bila kuuliza.

Kitu kimoja kinachochanganya watu: mipaka ya ngazi inaandikwa kwa kuhesabu kutoka kwa alamu, si kutoka sifuri. Kwa hivyo ile 75 unaiandika 15, na ile 90 unaiandika 30. Ukiandika 90 penye 30, umesema CPU ipite asilimia 150, na hiyo ngazi haitawahi kufika mpaka Yesu arudi. Hakuna kosa litakalotokea kwa skrini. Itakaa tu kimya, na wewe utashangaa mbona inaongeza sita sita tu.

Ukiiandika vizuri, Ijumaa inaenda hivi. Alamu umeifanya kali, ilie baada ya dakika mbili. Saa sita na mbili zinaagizwa 16, jumla 20, tayari saa sita na sita. Lakini seva 20 kwa maombi 2,000 bado ni 100 juu ya 100, kwa hivyo zinaagizwa 16 nyingine, jumla 36. Saa sita na dakika kumi na moja CPU iko kama asilimia 56 na kila mtu anatabasamu. Tumetoka dakika kumi na saba hadi kumi na moja. Ni maendeleo, nakubali. Bado ni dakika kumi na moja za watu kukutukana.

Na gharama yake ni kwamba zile namba 2, 6 na 16 ni zako. Programu ikibadilika mwezi ujao ikawa nzito zaidi, hakuna atakayekukumbusha kuzibadilisha. Mimi ngazi naziheshimu kwa kazi moja: mzigo unaokurupuka bila kukuambia, kama video yako imeshikwa na mtu mwenye wafuasi milioni usiku wa manane. Hapo hakuna ratiba inayosaidia, na kupanda mara mbili mbili ni pole sana.

Kabla niende kwa njia ninayoitetea, lazima tuongee kuhusu muda wa kupoa, kwa sababu hapo ndipo uongo mwingi unasambazwa.

Fikiria unapika supu. Unaonja, haina chumvi, unaweka. Ukionja tena baada ya sekunde mbili, chumvi haijayeyuka, bado haina ladha. Unaongeza. Unaonja tena, bado. Unaongeza. Dakika tano baadaye zote zimeyeyuka na supu hainyweki. Seva ni vile vile. Umeagiza, lakini kwa dakika nne hazisaidii chochote, na CPU ya zile za zamani bado iko juu. Mashine ikiamua tena kila dakika kwa kuangalia ile CPU tu, itaagiza rundo juu ya rundo. Kisha zote zinawaka pamoja, CPU inaanguka, inaanza kuzitoa, CPU inapanda, inaongeza. Inayumba hivyo mpaka asubuhi. Muda wa kupoa ni ile amri ya mama: ukishaweka chumvi, ngoja.

Sasa uongo wenyewe. Watu wanaenda kwa `Default cooldown`, ambayo inakuja ikiwa sekunde 300, wanaipunguza hadi 60 na kujipiga kifua kwamba wameharakisha mfumo. Ile kitu kwa kweli ni ya aina ya zamani ya sera, `Simple scaling`, ambayo ikishaongeza inafunga macho kabisa mpaka muda uishe, hata kama nyumba inaungua. Kufuata shabaha na ngazi hazingoji huo muda. Ratiba pia haingoji. Zile mbili za kwanza zinatumia kitu kingine, muda wa kupasha joto, ambao kwa skrini ni `Default instance warmup`. Hapo hazifungi macho. Zinachofanya ni kusema: hizi seva mpya bado ni mbichi, tusiingize CPU zao kwa wastani, lakini tukumbuke tayari tumeziagiza. Ndiyo maana hapo juu, kati ya saa sita na tatu na saa sita na saba, mfumo haukuagiza nane mara tano. Ulijua nane ziko njiani.

Mtego ni huu: usipoweka muda wa kupasha joto popote, zile sera zinaazima ile namba ya 300. Kwa hivyo yule msee aliyeshusha hadi 60 amebadilisha kitu ambacho hakujua anabadilisha. Seva zake zinahitaji dakika nne, yeye amesema zinahitaji moja. Kuanzia dakika ya pili, seva mbichi inahesabiwa kama ya kazi. Ikiwa iko bize kupakua na kujipanga, CPU yake iko juu na inavuta wastani juu, zinaagizwa nyingine bure. Ikiwa imekaa tu ikingoja kukubaliwa, CPU yake iko chini na inavuta wastani chini, mfumo unadhani shida imeisha na kuacha kuongeza wakati wateja bado wamekwama.

Namba sahihi huipati kwa kuuliza kwa grupu. Unaipima. Anzisha seva moja siku isiyo na watu, andika saa iliyoagizwa, andika saa ilipojibu ombi la kwanza kwa usahihi kupitia kisambaza mzigo. Fanya mara tatu, chukua ile ya polepole zaidi, ongeza kidogo. Ukipata sekunde 210, weka 240. Na ukiona ni dakika nane, dawa si namba, dawa ni kutengeneza picha ya seva yenye programu tayari ndani, usipakue kila kitu upya kila inapowaka.

Sasa ratiba. Haina akili yoyote. Haipimi CPU, haioni watu. Inajua saa tu. Na kwa Ijumaa yetu saa ndiyo habari peke yake tunayohitaji. Hii hapa:

```
aws autoscaling put-scheduled-update-group-action \
  --auto-scaling-group-name tiketi-web \
  --scheduled-action-name kabla-ya-tiketi \
  --recurrence "40 11 * * 5" \
  --time-zone "Africa/Nairobi" \
  --min-size 40 --max-size 50
```

Inasema: kila Ijumaa dakika ishirini kabla ya saa sita mchana, kundi lisiwe na seva chini ya 40. Dakika ishirini ni kwa sababu seva zinataka nne na mimi nataka muda wa kugundua kama kuna kitu kimekataa. Saa sita ikigonga, seva 40 ziko macho, CPU iko 50, tiketi zinauzwa, hakuna stori ya kuandika.

Angalia ile mstari ya `--time-zone` vizuri. Usipoiweka, saa inasomwa kwa UTC, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Seva zako zingeamka saa nane na dakika arobaini mchana, mauzo yameisha. Na kwa sisi tunaosema saa sita tukimaanisha 12:00, kuna hatari mara mbili: usije ukaandika 5 kwa sababu kichwani ni "saa tano na dakika arobaini". Mashine inajua 11 tu.

Kosa la pili ni la kisirisiri. Kuna watu wanaweka ratiba ibadilishe idadi inayotakiwa, ile `--desired-capacity`, bila kugusa kiwango cha chini. Seva 40 zinawaka. Kufuata shabaha, ambayo bado iko kazini, inaangalia na kuona seva 40 zimekaa CPU iko asilimia 5. Alamu yake ya kushuka ina subira, inangoja kama dakika kumi na tano, lakini wewe uliziwasha dakika ishirini mapema. Saa sita kasoro tano inaanza kuzitoa! Ukiinua kiwango cha chini, haiwezi kushuka chini ya hapo hata ikitaka. Na kiwango cha juu lazima kiinuke kwa amri hiyo hiyo, la sivyo kama kilikuwa 10, arobaini haiwezi kuingia ndani ya kumi.

Kushuka unafanya kinyume. Saa nane mchana ratiba nyingine inarudisha kiwango cha chini kuwa 4, na hapo usitaje idadi inayotakiwa kabisa. Ukiitaja, utakata seva 36 kwa mpigo hata kama mauzo bado yanaendelea. Usipoitaja, seva zinabaki 40 na kufuata shabaha inazitoa taratibu kadiri watu wanavyoondoka. Hapo ndipo naipenda hiyo njia, kwa kushuka.

Watu wa hesabu watasema napoteza doh kwa kuwasha seva mapema. Haya tuhesabu. Seva 36 za ziada kwa dakika ishirini ni sawa na seva moja kuwaka saa 12. Linganisha na tiketi ambazo hukuuza kwa dakika kumi na saba. Mimi sitaki hata kuendelea na hiyo mada.

Kitu ambacho ratiba haitakusaidia ni nyuma ya seva. Kama kila seva inafungua miunganisho 20 kwa hifadhidata, seva 4 ni miunganisho 80. Seva 40 ni 800. PostgreSQL ikitoka kiwandani inakubali 100. Kwa hivyo unaweza kufanya kila kitu nilichosema, saa sita ifike, seva zote 40 ziko kijani, CPU iko chini kabisa kwa asilimia 10, na bado watu wanaona makosa. Hiyo CPU ya chini ndiyo dalili: seva hazifanyi kazi kwa sababu ziko kwa foleni ya hifadhidata zikisubiri. Kufuata shabaha ikiona hiyo 10 itafurahi. Weka kitu cha kugawana miunganisho katikati, kama PgBouncer, na ukague pia akaunti yako inaruhusiwa kuwasha seva ngapi, maana akaunti mpya huwa na kikomo kidogo na kuongezewa si jambo la dakika. Ombi hilo linatumwa Jumatatu, si Ijumaa saa tano.

Halafu Alhamisi, tafadhali, jaribu. Weka ratiba ya majaribio usiku, ifikishe 40, kaa na kikombe chako cha chai ukitazama historia ya shughuli. Kama imekwama kwa 22, bora uone ukiwa na chai.